Fundi Akisema "Tumefika Maramu", Muulize Sakafu Imekalia Nini

Kuna sentensi moja imeuza nyumba nyingi sana Kitengela, Ruai, Kamulu na Joska: "Msingi tulichimba mpaka maramu." Ukiisikia unatulia. Mzee anatoa pesa, mama anaanza kuchagua rangi ya mapazia. Na mara nyingi hata si uongo, mitaro ya kuta ilifika maramu kweli. Lakini nyumba si kuta peke yake. Mimi nasema hiyo sentensi ni nusu ya ukweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo hupasua nyumba.

Kwa wale hamnijui, nilisomea uinjinia wa ujenzi miaka miwili, karo ikakata, nikaanza kurekodi video kwa maeneo ya mjengo. Siwezi kukuchorea ramani ya nyumba na kuiweka sahihi. Lakini nimesimama kando ya mashimo mengi, na kwa hii stori ya udongo mweusi nina maoni.

Tuanze na udongo wenyewe. Huu unaoitwa udongo wa pamba umejaa madini ya mfinyanzi yenye matabaka membamba sana, kama kurasa za kitabu. Maji yakija yanaingia katikati ya kurasa na kitabu kinafura. Jua likipiga maji yanatoka, kitabu kinajikunja. Ndio maana Februari pale Kitengela unaona ardhi imepasuka nyufa za kuingiza mkono, halafu Aprili ukipita hapo hapo unarudi nyumbani na viatu vya kilo tatu kila mguu. Mwea wanaupenda kwa mpunga kwa sababu ukishalowa na kufura hauachilii maji. Mkulima anafurahi. Mwenye nyumba, la.

Sasa skiza, hapa ndipo watu hukosea. Shida si maji, na shida si ukavu. Shida ni kubadilika, tena kubadilika kusiko sawa. Kama udongo wote chini ya nyumba ungefura kwa kiwango kimoja siku moja, nyumba ingepanda na kushuka kama boti na hungejua. Lakini ukishamwaga slebu umefunika ardhi. Katikati ya nyumba jua halifiki, unyevu hauna pa kutokea, kwa hivyo unajikusanya polepole, hata miaka kadhaa. Pembeni, karibu na kuta za nje, udongo bado unafuata misimu: unalowa mvua ya Machi, unakauka Agosti. Nyumba moja, udongo mmoja, tabia mbili.

Shangazi yangu alijenga upande wa Joska. Nyumba ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 9. Udongo mweusi ulikuwa na kina cha mita 1.2, chini yake maramu safi. Fundi akachimba mitaro ya kuta mpaka maramu, akamwaga konkriti, akapandisha mawe ya Ndarugo. Hadi hapo, kazi poa. Halafu ndani ya zile kuta akakwangua nyasi na udongo wa juu kidogo, akajaza mawe ya hadikoo, akatandaza karatasi ya nailoni, akamwaga slebu. Yaani kuta zilikaa juu ya maramu, na sakafu ikakaa juu ya karibu mita nzima ya udongo mweusi. Tena ilikuwa Januari, udongo umekauka kabisa. Udongo mkavu ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kufura baadaye.

Mwaka wa pili kuta za nje zilikuwa zimenyooka vizuri, ungeweza kuzipiga picha ya tangazo. Ndani, sakafu ya sebule ilikuwa imeinuka kama mgongo wa kobe. Vigae viwili viliinuka vikasimama kama paa la hema. Mlango wa chumba cha kulala ulianza kukwaruza chini, fundi wa mbao akauranda, ukakwaruza tena. Na ule ukuta wa kati ya sebule na jikoni, ambao haukuwa na mtaro wake, ulijengwa juu ya slebu moja kwa moja, ukapasuka kutoka pembe ya juu ya mlango kwenda dari, mshazari.

Ukiona hiyo picha, huhitaji digrii. Kuta za nje hazijasonga, sakafu imepanda. Kitu pekee kinachoweza kuinua slebu na ukuta wa mawe juu yake ni udongo unaofura chini. Na maji yalitoka wapi? Mfereji wa kumwagia maji ya tangi linapojaa ulikuwa unaishia kando ya ukuta. Hadikoo ni mawe yenye nafasi katikati, maji yakipata njia ya kupenya yanakimbia ndani yake vizuri sana. Halafu yanafika kwenye udongo mweusi ambao hauyapitishi. Umejenga beseni chini ya sebule yako, na unaijaza kila mvua.

Tufanye hesabu ya kile fundi "aliokoa". Mitaro yake: mzunguko wa nje ni mita 38, weka na kuta za ndani mita 16, jumla 54. Upana mita 0.6, kina 1.2. Hiyo ni kama mita 39 za ujazo. Kutoa udongo wote chini ya nyumba, pamoja na nusu mita zaidi kila upande, ni 11 mara 10 mara 1.2, yaani mita 132. Udongo ukichimbwa huachana na kuongezeka, tuseme kwa robo, unafika 165. Kwa lori la kubeba mita 10, ni safari 17 za kutoa. Halafu maramu ya kurudisha nayo ni karibu safari hizo hizo, kwa sababu ukiishindilia inapungua. Safari kama 34 dhidi ya 5. Hapo ndipo bei yake ilikuwa tamu kuliko ya wengine.

Naelewa kwa nini watu hukubali. Pesa inayozikwa haionekani, hakuna anayepiga selfi na maramu. Lakini vigae, milango, slebu ya kubomoa na kumwaga tena, zote hizo unalipa ukiwa tayari unaishi ndani, na watoto wanaruka juu ya mashimo. Kama pesa haitoshi, punguza nyumba. Vyumba viwili juu ya maramu ni nyumba. Vyumba vitatu juu ya kitabu kinachofura ni deni.

Na maramu si ya kumwaga tu halafu greda ikapita mara moja. Inawekwa tabaka kama za sentimita 15, inalowanishwa kidogo, inashindiliwa na mashine, ndipo linakuja tabaka lingine. Kwa shimo la mita 1.2 hayo ni matabaka 8. Ukipita pale ukaone wamejaza shimo lote asubuhi moja, uliza maswali.

Kuna anayesema sasa hivi, "buda, kwetu udongo mweusi unashuka mita tatu." Hapo kuchimba wote si akili, ni kununua machimbo. Kuna njia mbili hivi. Moja ni rafti, slebu moja nene yenye mihimili ya konkriti na vyuma chini yake, ili nyumba nzima iwe ngumu kama trei: udongo ukipanda upande mmoja, trei inainama kidogo lakini haivunjiki. Ya pili ni nguzo za konkriti zinazoshuka mpaka kwenye ardhi ngumu, mihimili inabebwa na nguzo, na sakafu inabebwa na mihimili. Siri ya hiyo ya pili ni nafasi. Lazima ibaki hewa kati ya mhimili na udongo mweusi. Wakiziba hiyo nafasi, udongo ukifura utasukuma mhimili juu, na nguzo zako za bei zitakuwa zinashikilia nyumba huku udongo unaing'oa. Zote mbili zinahitaji injinia wa kupiga hesabu ya vyuma. Hapo fundi wa kukisia apumzike.

Wengi wenu hamjengi leo, mnatafuta keja. Basi jifunzeni kusoma ufa kabla ya kulipa dipoziti. Nyufa ndogondogo kwenye plasta, nyembamba kama nywele, zimesambaa kama ramani, mara nyingi ni plasta ilikauka haraka tu. Usiogope. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha au mlango na kupanda mshazari, au unaofuata viungo vya mawe kama ngazi, huo unaongea kuhusu chini. Angalia ni mpana wapi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kwa kawaida pembe za nyumba zimeshuka au katikati imepanda. Hii huonekana sana kiangazi, na kama kuna mkaratusi karibu na hiyo pembe, mtuhumiwa wa kwanza ni huo, unakunywa unyevu wote wa upande ule. Ukiwa mpana chini, pembe zimeinuka na katikati imebaki, jambo la msimu wa mvua.

Na ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga mvua si wa kuziba. Landilodi akiuziba Agosti, Aprili ile simiti ya ndani inazuia ukuta kurudi mahali pake, na ufa mwingine unaanzia kando. Kabla ya kuziba chochote, weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, pima upana kila mwezi kwa mwaka mzima. Mwaka mzima kwa sababu unahitaji mvua ndefu, mvua fupi na viangazi viwili.

Shangazi ndivyo anavyofanya sasa. Hajabomoa slebu, hana hizo pesa. Mfereji wa tangi umesogezwa mita kadhaa mbali, gata zimewekwa pande zote, na nyumba imezungushiwa ukingo wa konkriti wa upana wa mita 1.2 unaoteremka kwenda nje, ili ardhi ya kando ya kuta isilowe na kukauka kama zamani. Mkaratusi haukuwepo, lakini jirani alikuwa anataka kupanda mstari wa miti kwenye mpaka, wakakubaliana ikae mbali angalau sawa na urefu itakaofikia. Ukuta wa jikoni umetolewa, mahali pake kuna wa mbao, mwepesi, wenye mwanya mdogo juu karibu na dari ili sakafu ikipanda usisukume kitu.

Vigae bado havijarudishwa. Sebule ina mkeka mkubwa, na kwenye ukuta wa korido kuna tarehe saba za penseli. Tatu za mwisho zinaonyesha upana ule ule.