Mtoto akiandika "He can sings"

Mzazi, ukifungua daftari la Kiingereza la mwanao ukakuta "He can sings" au "I must to go", usimgombeze haraka. Makosa hayo yana vyanzo viwili tofauti.

La kwanza linatokana na somo aliloshika vizuri. Amefundishwa kuwa baada ya "he" kitenzi huongezewa "s": he sings, he reads. Sasa anaiongeza hata baada ya "can".

La pili linatoka kwenye Kiswahili chetu. Tunasema "naweza kuimba", na ile "ku" mtoto anaigeuza kuwa "to". Ndipo unapata "can to sing", kisha "must to go".

Baada ya "can", "must", "should" na "will", kitenzi hubaki kama kilivyo kwenye kamusi. Mwambie aweke kidole kwenye neno linalofuata, kisha alitafute. Kamusini atakuta "sing", si "sings". Kwa hiyo ni "He can sing" na "I must go".

Ila usimfutie kila "to". "He has to go" na "She wants to go" ni sahihi, maana "has" na "wants" hubeba "s" zenyewe na huhitaji "to".

Siku chache baadaye, mpe atafsiri: "Lazima aende, lakini anataka kubaki." Akiandika "He must go, but he wants to stay", ujue ameelewa.