Maoni: Picha ya firigo haionyeshi nani atakula

Jumamosi asubuhi simu inalia. Mtoto wa kaka yangu, anayekaa Bukavu, amenitumia picha mbili kwa watsapu, moja ya firigo na moja ya kabati, na maneno machache chini: «Tanti, nina wageni saa saba. Nipike nini?»

Wengi wetu tunaojua kupika tunapokea picha za namna hiyo, na tunajibu haraka kwa sababu tunapenda kuonekana tunajua. Hapo ndipo tunapokosea.

Katika picha niliona mayai matatu, nusu ya kabichi, nyanya nne na bakuli la wali. Kwenye kabati kulikuwa na unga wa muhogo, sambaza zilizokaushwa, mfuko wa unga wa karanga, vidonge vya mchuzi na chupa ya mafuta ya rangi ya dhahabu. Kulikuwa pia na sufuria yenye kifuniko. Jibu la kwanza lililonijia ni wali wa kukaanga na mayai. Nilikwisha kuanza kuliandika, nikalifuta. Nikauliza: umeme ulikuwepo usiku?

Haukuwepo. Ulikatika saa moja jioni, ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Firigo ambayo haifunguliwi hutunza baridi kwa muda wa saa nne hivi, si kumi. Na wali huo ulipikwa Ijumaa mchana, ukakaa mezani hadi jioni. Wali uliopoa polepole huzaa vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiishi hata ukiurudisha motoni ukachemka. Hauna harufu mbaya, na katika picha ni mweupe, mzuri. Nikamwambia autupe. Alilalamika, kwa sababu mchele ni pesa, na ninamwelewa.

Kwa nyumba zetu ambamo umeme huja na kwenda, kuna njia rahisi. Gandisha maji katika kikombe kwenye sehemu ya barafu, kisha weka kitu kizito kidogo juu ya barafu hiyo. Wazungu huweka sarafu. Sisi ambao hatuna tena sarafu mfukoni, kijiwe kinatosha. Ukikuta kijiwe kimezama chini, barafu iliyeyuka yote ulipokuwa umelala.

Swali la pili lilikuwa: nani atakula? Mama mkwe wake, ambaye daktari amemkataza chumvi kwa sababu ya presha, na mtoto wa jirani ambaye karanga humvimbisha midomo. Mambo hayo mawili yalibadilisha kabati lote, na hakuna picha ingeweza kuyasema.

Unga wa karanga ukatoka. Lakini haukutosha kutoka kwenye sufuria tu. Kinu alichotwangia karanga na mwiko wake vinaweza kubakiza unga wa kutosha kumdhuru mtoto huyo, kwa hiyo vioshwe vizuri kwa sabuni au visiguswe kabisa. Tena ile chupa ya mafuta. Sokoni tunanunua mafuta yaliyomiminwa katika chupa za kila namna, na karatasi iliyobandikwa juu ni ya mafuta ya zamani. Mawese utayajua kwa wekundu wake. Haya ya dhahabu yanaweza kuwa ya soya, ya alizeti au ya karanga. Muuzaji hakumbuki? Basi tumia mawese.

Vidonge vya mchuzi navyo vikabaki kabatini, kwa kuwa sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi. Sambaza nilimwomba aonje moja, kwani wengine huzikausha kwa chumvi na wengine kwa jua tu. Zake hazikuwa na chumvi.

Kitunguu sikukiona. Ningeweza kudhani kipo jikoni, maana nyumba gani haina kitunguu? Yake haikuwa nacho. Kwa hiyo nilimpa chakula kinachosimama bila kitunguu: osha sambaza, ziloweke dakika kumi katika maji ya moto, zikaange kidogo katika mawese, weka nyanya zilizokatwa, acha ziive mpaka maji yakauke, halafu kabichi mwishoni ili isilegee. Mayai yachemshwe. Bugali wa muhogo pembeni. Chumvi iwekwe mezani katika kisahani, kila mtu ajitilie, mbali na mama mkwe.

Na ile sufuria yenye kifuniko? Nilisahau kuiuliza. Saa sita akaniandikia kwamba ndani mlikuwa na sombe ya juzi. Nikamuuliza ilipikwa na nini.

«Na karanga, Tanti.»

Tangu siku hiyo, anayenitumia picha namjibu kwanza: funua vifuniko vyote, upige tena.