Mtoto Aliyesinzia Garini

Septemba 2022, mjini Al Wakra nchini Qatar, binti wa miaka minne alisinzia katika basi la shule. Wenziwe walishuka, gari likafungwa juani, naye hakuonekana hadi wahudumu waliporudi kuwachukua watoto. Alifariki.

Lau jina lisiloitikiwa darasani hulinganishwa na orodha ya waliopanda gari, na mzazi akapigiwa simu kabla ya somo la kwanza, huenda mtoto hupatikana mapema. Nasi hapa Malindi, mtoto akisahauliwa, hata akitoka salama, twaona mzazi adai taarifa ya maandishi yenye nyakati tatu: majina yalipoitwa, mtoto alipoonekana, na simu ilipopigwa. Ikiwa majina yaliitwa saa mbili na simu ikapigwa saa tano, muda huo una mtu wa kuulizwa.