Homa ikishuka, hatari bado ipo: mafua makali kwa wazee na kwa wenye moyo, sukari au pumu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mafua makali huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani. Takwimu hiyo imetajwa mara nyingi, lakini wengi hawaangalii inachohesabu. Inahesabu vifo vya njia ya hewa tu, yaani mapafu yaliyoshindwa kufanya kazi. Aliyepata mafua Jumatatu, homa ikashuka Ijumaa, kisha moyo wake ukasimama Jumapili, hayumo humo. Ndugu zake watasema alikufa kwa presha, na huenda hata kituo cha afya kikaandika hivyo hivyo.

Ndiyo maana tunaandika kuhusu ugonjwa ambao wengi hapa makazini wanauona mdogo. Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mafua ya kawaida, ya pua kutiririka na kupiga chafya, siyo tunayozungumzia. Tunazungumzia yale yanayosababishwa na kirusi cha influenza, ambayo wengi waliotoka Kongo wanayaita gripi: homa inapanda ghafla, mwili wote unauma, kichwa kinagonga, kikohozi kikavu, na mtu hawezi kuinuka kitandani. Kijana mwenye afya hupona kwa wiki moja hivi. Mzee, au mtu mwenye ugonjwa wa moyo, sukari au pumu, naye anaweza kupona mafua yenyewe. Kinachomuumiza mara nyingi ni ule ugonjwa aliokuwa nao tayari, ambao mafua yameuamsha.

Ushahidi wa wazi zaidi unahusu moyo. Mwaka 2018 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha kazi moja rahisi kuielewa. Walichukua watu wazima waliothibitishwa maabara kuwa na mafua makali, na ambao pia walilazwa kwa mshtuko wa moyo ndani ya mwaka mmoja kabla au mwaka mmoja baada ya kipimo hicho. Jumla ilikuwa mishtuko 364. Kama mafua hayana uhusiano na moyo, mishtuko hiyo ingetawanyika sawasawa katika majuma yote. Haikuwa hivyo. Katika siku 7 za kwanza baada ya kipimo ilitokea mishtuko 20, wakati majuma mengine yalikuwa na wastani wa 3.3 kwa juma. Hiyo ni mara 6. Na kwa kuwa kila mgonjwa alilinganishwa na yeye mwenyewe, huwezi kusema tofauti ililetwa na umaskini, sigara au unene.

Kwa nini iwe hivyo? Mtu mwenye presha ya miaka mingi au kisukari huwa na mafuta yaliyojishikiza ndani ya kuta za mishipa ya moyo, kama ukoko ndani ya sufuria. Kwa kawaida ukoko huo hukaa kimya. Mwili unapopigana na kirusi, mishipa yote huvimba kwa ndani, na damu inakuwa nyepesi kuganda. Homa nayo inaulazimisha moyo kupiga haraka zaidi, huku mapafu yaliyojaa makohozi yakiupa oksijeni kidogo kuliko kawaida. Ukoko ukipasuka wakati huo, damu huganda juu yake na kuziba njia. Kwa mtu ambaye moyo wake umeshachoka, hata bila mshipa kuziba, mzigo huo peke yake unaweza kumfanya avimbe miguu na kukosa pumzi akilala chali.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sana sisi tunaonunua dawa madukani. Ukieleza muuza dawa kwamba mwili wote unauma, mara nyingi utapewa diklofenaki. Kwa kijana, dozi mbili tatu huenda zisimdhuru. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, presha au figo dhaifu, dawa hiyo huuzuia mwili kutoa maji na chumvi, hupandisha presha na kuongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo, na inafanya hivyo katika wiki ambayo hatari tayari iko juu. Ibuprofeni ni ndugu yake. Paracetamoli ndiyo salama zaidi kwa watu hawa: vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24, na vipungue kwa mtu aliyekonda sana au mwenye ini bovu. Vidonge vya presha na vya moyo visiachwe ghafla kwa sababu mtu ana homa, lakini akiwa anatapika au anaharisha, amuone mhudumu siku hiyo hiyo, maana baadhi ya dawa hizo huumiza figo mwili ukikauka.

Sasa tuje kwenye sukari. Tuseme kuna mama wa miaka 61 anayeishi Nakivale, anajidunga insulini ya mchanganyiko, yuniti 20 asubuhi na 10 jioni. Siku ya kwanza ya mafua hana hamu ya kula. Anafikiri kama wengi wetu tungefikiri: sijala, basi nikijidunga sukari itashuka nizimie. Anaacha sindano zote mbili. Asichokijua ni kwamba mwili ukiwa mgonjwa hutengeneza sukari wenyewe. Homoni za kupambana na maradhi huliamuru ini limwage sukari kwenye damu, na homoni hizo hizo huidhoofisha ile insulini kidogo aliyo nayo. Siku ya pili hajala chochote, lakini sukari yake imefika 18, anakojoa kila mara na kiu haikatiki. Homa inamtoa maji kwa jasho, sukari inamtoa maji kwa mkojo. Siku ya tatu anatapika, anapumua kwa nguvu na kwa kina, amelegea na anajibu maswali kwa shida. Jirani anasema ni malaria, anamletea dozi.

Malaria ipimwe, hilo halina ubishi. Lakini sukari ipimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili hizo ni za damu iliyojaa asidi au iliyokauka maji, na bila maji ya mshipani na insulini mama huyu anaweza kufa kesho yake. Njia sahihi ilikuwa kutoacha insulini kabisa. Angepima sukari kila baada ya saa 4 kama kipimo kipo, angekunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na kama chakula kigumu hakiendi, angekunywa uji mwembamba au chai yenye sukari ili sindano ipate cha kufanyia kazi. Dozi inaweza kubadilishwa, lakini na mhudumu. Asiye na kipimo nyumbani na asiyeweza kula wala kunywa asisubiri siku ya pili. Kwa wanaotumia vidonge, metfomini husimamishwa kwa muda mtu akitapika au kuharisha, kisha hurudishwa akianza kula.

Mfano huu umekuwa mgumu zaidi tangu Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowaondoa watu wapatao milioni 1 kwenye msaada wa chakula nchini Uganda kwa kukosa fedha. Mtu anayetumia insulini na hana uhakika wa chakula cha jioni tayari anaruka sindano kwa hofu ya kuzimia, hata akiwa mzima. Sukari yake iko juu kabla mafua hayajafika, na sukari ya juu huzifanya chembe nyeupe za damu zivivie kazini. Kwa maoni yangu, mjadala wa mgao umejikita mno kwenye kilo za mahindi, na umewasahau watu ambao dawa yao haifanyi kazi bila sahani ya chakula.

Pumu nitaieleza kwa ufupi. Kirusi hubandua ngozi laini ya ndani ya njia za hewa, na njia za mwenye pumu, ambazo zilikuwa zimevimba tangu mwanzo, hujibana. Wengi wana pampu moja tu, ile ya salbutamoli ya kufungua kifua, na wameiacha ile ya kuzuia kwa sababu walijisikia vizuri. Hao ndio mafua yanawakuta bila kinga. Pampu ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi huishia kooni. Chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500 inasaidia kweli, na madaktari wa Afrika Kusini walilithibitisha hilo kwa watoto mwaka 1999. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Toboa kitako chake tundu linaloshika mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa utepe, mgonjwa abane shingo ya chupa kwa midomo. Puliza mara moja, avute pumzi mara 5 au 6, kisha puliza tena. Akibanwa sana apate mipulizo 4 hadi 10 kwa namna hiyo, na aanze safari ya kituo cha afya wakati huo huo. Njiani inaweza kurudiwa kila baada ya dakika 20. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja hana muda wa kusubiri asubuhi.

Wazee wana tatizo jingine: mafua yao hayafanani na mafua. Askari wa mwili wanaotengenezwa uzeeni ni wachache, kwa hiyo homa inaweza isipande kabisa. Unachokiona ni babu aliyeanza kuchanganya majina ya wajukuu tangu jana, au bibi aliyeanguka akienda chooni, au sahani iliyorudi kama ilivyokwenda. Familia husema ni uzee. Uzee hauji kwa siku moja. Mabadiliko ya ghafla namna hiyo, hasa kama watoto wa nyumba wanakohoa, yanatosha kumpeleka akapimwe. Na hema au banda linalolaza watu kumi likiwa na mtoto mwenye gripi, mzee alale karibu na mlango au dirisha, mbali na moshi wa jiko.

Je, chanjo? Ipo, hudungwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika, na Shirika la Afya Duniani linawataja wazee na wenye magonjwa haya kati ya wa kwanza kupewa. Lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo ya Uganda. Hupatikana zaidi kwenye hospitali za kulipia mijini. Dawa ya kirusi chenyewe, oseltamiviri, hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 48, na ni nadra kuikuta kwenye rafu za vituo vyetu. Viuavijasumu haviui kirusi. Vina kazi pale tu bakteria wanapoingia baadaye, na dalili yake ni hii: mtu alikuwa anapata nafuu, kisha siku ya tano au ya sita homa inarudi, makohozi yanakuwa ya njano au yenye damu na kifua kinachoma akivuta pumzi.

Ukifika kituoni, usiseme tu "nina presha" au "kifua kinanibana". Mwambie mhudumu mafua yalianza siku gani, homa ilishuka lini, na umeacha dawa ipi na tangu lini. Nenda na pakiti tupu za dawa zako, hata zile za dukani.