Uwezo wa Barabara Haujulikani kwa Kuhesabu Magari Pekee

Makambako ni njia panda. Barabara itokayo Songea kupitia Njombe huungana hapo na barabara kuu iendayo Zambia kutoka Dar es Salaam. Magari yanapojaa mahali kama hapo, watu husema upesi kwamba barabara ni nyembamba na yapasa ipanuliwe. Huenda wakawa na haki. Lakini kuhesabu magari yapitayo hakutoshi kuthibitisha neno hilo.

Njia iliyo nyepesi ya kulichunguza jambo hili ilionyeshwa na mhandisi Mmarekani, Bruce Greenshields, katika taarifa yake ya mwaka 1935. Alipiga picha za magari barabarani katika jimbo la Ohio, akaona kwamba kadiri magari yanavyozidi katika kila kilometa, ndivyo mwendo wao unavyopungua. Upungufu huo aliuchora kwa mstari mnyoofu.

Chukulia mfano wa hesabu tu. Wanafunzi wamesimama kando ya upande mmoja wa barabara kati ya Njombe na Makambako, kwenye alama mbili zilizoachana meta 100. Wanahesabu magari yapitayo kwa saa, na wanapima sekunde ambazo kila gari hutumia kati ya alama hizo. Wastani wa sekunde hizo huwapa mwendo. Wakigawanya idadi ya magari kwa saa kwa mwendo huo, hupata msongamano, yaani idadi ya magari katika kilometa moja. Asubuhi wanapata magari 10 kwa kilometa na mwendo wa kilometa 54 kwa saa. Siku ya gulio wanapata magari 40 kwa kilometa na mwendo wa kilometa 36.

Magari yameongezeka kwa 30 na mwendo umepungua kwa 18. Kwa hiyo kila gari moja linaloongezeka hupunguza mwendo kwa 0.6. Mstari wao ni huu:

v = 60 − 0.6k

Msongamano k ukiwa sifuri, mwendo ni 60: huo ndio mwendo huru wa dereva asiyezuiliwa na mwenzake. Mwendo v ukiwa sifuri, k ni 100: huo ndio msongamano wa kukwama. Magari yapitayo kwa saa ni k mara v. Zao hilo huwa kubwa kabisa katikati ya mstari, penye magari 50 kwa kilometa na mwendo wa 30. Basi uwezo wa upande huo wa barabara ni magari 1,500 kwa saa.

Sasa kosa la kuhesabu magari pekee linaonekana wazi. Asubuhi yalipita magari 540 kwa saa. Lakini msongamano ukifika 90, mwendo ukashuka hadi kilometa 6, yatapita vilevile magari 540. Daftari la mhesabuji litaonyesha namba ile ile kwa barabara iliyo tupu na kwa barabara iliyokaribia kukwama. Bila mwendo, namba hiyo haisemi lolote juu ya haja ya kupanua.

Hata hivyo mstari wenyewe usiaminiwe upesi. Wanafunzi hawakuona foleni iliyosimama. Namba 100 wameipata kwa kurefusha mstari kupita vipimo vyao. Greenshields naye alikuwa na kipimo kimoja tu cha magari yaliyosongamana sana, tena cha barabara nyingine. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba katika barabara kubwa mwendo hupungua kidogo tu mwanzoni, kisha hushuka ghafula.

Kuna njia rahisi ya kuujaribu mstari: foleni inaposimama, yahesabiwe magari katika meta 100. Msongamano wa 100 kwa kilometa wadai magari 10 hapo, yaani meta 10 kwa kila gari. Nafasi hiyo yatosha magari madogo, lakini lori lenye tela pamoja na pengo la mbele yake huweza kuhitaji meta 20. Foleni ikiwa ya malori hayo matupu, msongamano wa kukwama ni 50, na kwa mwendo huru ule ule wa 60 uwezo hushuka hadi magari 750. Upana wa lami haukubadilika hata kidogo.

Kwa sababu hiyo si sawa kuchukua namba zilizopimwa penye magari madogo mengi karibu na Njombe na kuzitumia Makambako, penye malori ya masafa marefu. Kila mahali papimwe penyewe, magari yakiwa machache na yakiwa mengi, na foleni ihesabiwe kwa macho. Ndipo maneno ya kupanua barabara yatakapokuwa na msingi.