Ujumbe wenye alama ya saa: ndugu hana kosa

NYANKUNDE – Wakaaji wengi wanamlaumu ndugu kwamba "amekataa kujibu," kumbe ujumbe wa WhatsApp bado una alama ya saa. Lawama hiyo si ya haki. Saa maana yake ujumbe haujatoka kwenye simu ya mtumaji. Tiki moja: umefika kwenye mitambo ya WhatsApp. Tiki mbili: umefika kwenye simu ya ndugu.

"Lakini Facebook inafunguka!" Hiyo haitoshi. Mtumaji aangalie kwanza tarehe ya simu yake, maana ikikosea WhatsApp inaweza kukataa kuunganika. Kisha aangalie kama simu haijakatazia WhatsApp peke yake kutumia mtandao. Kama majirani nao wanaona saa, kizuizi kinaweza kuwa huko juu. Uganda, siku ya kura, tarehe 18 Februari 2016, WhatsApp na Facebook zilifungwa huku kurasa zingine zikifunguka.

Kwa hiyo, anayeonya familia kwamba njia ya Bunia si salama asilale na saa. Apige simu ya kawaida ao atume SMS, kwani hizo hazihitaji intaneti. "Niliwaandikia" haisaidii mtu kama onyo lilibaki mfukoni mwa mwandikaji.