Diploma moja, herufi tatu

Katika birotiki moja hapa Mabanga, mashine ya kuchapa ikiwa imewekwa juu ya meza ya mbao na jenereta ikinguruma nje, kijana mmoja alinipa sivi yake niisome kabla hajaituma Nairobi. Kwanza nilidhani karatasi imechapwa vibaya. Jina lake lilikuwa limeishia katikati ya mstari, na baada yake kikafuata kitu kama namba ya gari. Nafasi ya jina naijaza mimi, hayo mengine ni yake:

```
Fulani wa Fulani, A0, BSc, MSc, PhD(c), PMP
```

Nikamuuliza ana diploma ngapi za chuo. Akajibu bila wasiwasi: “Moja, papa. Lisansi ya afya ya jamii.”

Tangu M23 walipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, kazi za mashirika zimekuwa haba, na kadiri kazi zinavyopungua ndivyo mikia ya majina inavyorefuka. Vijana wameaminishwa kwamba anayechambua sivi huhesabu herufi, na mwenye nyingi ndiye anayeitwa. Nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza hiyo, nikichambua sivi kwa ajili ya shirika moja, na ninasema imani hiyo ni ya uongo. Mkia mrefu haukuonyesha usomi. Ulituonyesha mahali pa kuanza kuchunguza.

Wakongomani tuna desturi ya kurusha mabanga. Mwanamuziki anapotaja jina la tajiri katikati ya wimbo, tajiri anacheka na pesa inatoka, na jina hilo lililorushwa ndilo libanga. Kwenye rumba ni utamu. Kwenye sivi, mwimbaji na tajiri ni mtu mmoja, naye anajirushia mabanga mwenyewe.

Tuchukue herufi za kijana huyu moja moja. A0 ni daraja tuliyoachiwa na Wabelgiji: muuguzi wa A2 ametoka sekondari ya uuguzi, wa A1 ana gradua, wa A0 ana lisansi. Muuguzi yeyote wa Goma anaelewa, lakini msomaji wa Nairobi ataona tu herufi na sifuri. BSc aliiandika kwa sababu mtu alimwambia lisansi ni “bachela”. MSc akaiongeza kwa sababu mtu mwingine alimwambia kuwa miaka mitano ya masomo ni sawa na masta. Kwa hiyo diploma ileile, iliyotolewa siku moja kwenye jukwaa moja, imehesabiwa mara tatu.

Kosa hili lina chanzo chake, wala sitaki kumcheka mtu. Katika mfumo wetu wa zamani mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya gradua, kisha miwili ya lisansi, jumla mitano. Ukaja mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, na humo lisansi ni miaka mitatu tu, halafu masta miwili. Neno limebaki lilelile ila uzito wake umebadilika. Mwenye lisansi ya zamani akiandika BSc anajipunja miaka miwili, na akiandika MSc anadai shahada ambayo haimo katika karatasi yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika MA nyuma ya jina langu kwa lisansi ya aina hiyo. Mwajiri aliomba nakala ya diploma, akatafuta neno masta asilione, nikaandika barua ya kujieleza yenye kurasa mbili. Kazi niliipata, lakini barua ile ingali kwenye faili.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji herufi yoyote. Katika sehemu ya masomo andika jina la diploma kama lilivyochapwa, halafu ueleze kwa maneno: lisansi, mfumo wa zamani, miaka mitano, chuo fulani, mwaka fulani. Anayetaka kuilinganisha na shahada za kwao atailinganisha mwenyewe, na kama kuna ofisi iliyopewa kazi ya kutoa ulinganifu, hiyo ndiyo itakayosema. Si wewe wala si mchapaji wa birotiki.

PhD(c) ilinichosha zaidi. Hiyo c kwenye mabano inasemwa kuwa ni “mtahiniwa”. Kijana wetu alikuwa bado anatafuta profesa wa kumsimamia. Hata angekuwa amefika mwaka wa tatu wa utafiti, masomo yasiyokwisha hayana herufi. Herufi ni shahada yenyewe kwa ufupi, nayo hutolewa siku mtu anapomaliza. Anayesoma aandike kwenye mstari wa masomo kwamba ni mwanafunzi wa udaktari, tangu mwaka gani, juu ya mada gani. Mstari huo una heshima yake. Mabano hayana.

Ikabaki PMP, na hapa kijana alikasirika kidogo, maana cheti alikuwa nacho mkononi, chenye muhuri. Nilikisoma. Kilikuwa cheti cha kuhudhuria mafunzo ya saa 35. Saa hizo 35 ni sharti la kuomba kufanya mtihani wa PMP, sawa na tiketi ya kuingia uwanjani. Mwenye lisansi hutakiwa pia kuwa na miezi 36 ya kuongoza miradi, kisha afanye mtihani na kuufaulu. Na hata aliyefaulu hamiliki herufi hizo milele: kila baada ya miaka mitatu lazima awe amekusanya pointi 60 za kujiendeleza, la sivyo zinaondoka. Taasisi inayozitoa, PMI, ina orodha mtandaoni ambamo mwajiri huandika jina na kuona kama lipo. Ni kazi ya dakika moja. Nimeifanya mara nyingi, na mara nyingi jina halikuwepo.

Ugonjwa huu uko kwa wahasibu pia. Kenya, kufaulu mitihani ya CPA ni jambo moja, na kusajiliwa na ICPAK ni jingine. Mtu aliyesajiliwa ndiye anayejitambulisha kwa cheo hicho. Kwetu pia, tangu sheria ya 2015 iliyounda ONEC, cheo cha mhasibu mtaalamu ni cha aliyeandikwa katika daftari la chama, hata kama jirani yake ana diploma nzuri kuliko yake.

Ukiuliza kwa nini Mkongomani anapotea hapa kuliko Mganda, jibu liko katika shule tulizorithi. Makerere ilikua chini ya Chuo Kikuu cha London, na wahitimu wake wa kwanza wa shahada walipata shahada za London. Ilianza kutoa zake yenyewe mwaka 1970. Wakazoea desturi ya Kiingereza ya kuweka herufi nyuma ya jina. Sisi tulianza na Lovanium mwaka 1954, kwa desturi ya Kibelgiji, ambayo huweka cheo mbele: Ir kwa injinia, Dr kwa daktari, Me kwa wakili. Nyuma ya jina letu hakukuwa na kitu, mpaka Mobutu alipotupilia mbali majina ya Kikristo mwaka 1972 na kutuachia postinomu. Huo ndio mkia pekee ambao Mkongomani alipewa kwa amri ya serikali, na ulikuwa jina kamili.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapa, jiulize nani atasoma. Sivi ya Kifaransa inayokwenda Kinshasa au Brussels haihitaji herufi nyuma ya jina. Andika jina, na chini yake kazi yako. Sivi ya Kiingereza inaweza kuwa nazo, moja au mbili, zile ambazo kazi yenyewe inazidai na ambazo leo hii unazo. Shahada ya kwanza iache kwenye sehemu ya masomo. Kama una masta kweli na leseni au cheti kinachoishi, desturi ya Wamarekani, ambayo mashirika mengi huifuata, hutanguliza shahada, kisha leseni, kisha cheti. Sababu yake inaeleweka: shahada hainyang'anywi, leseni inaweza kusimamishwa, cheti kina tarehe ya kufa. Waingereza huanza na nishani za taifa, ndiyo maana kwenye barua za maafisa wa Kenya utaona EBS au OGW zikitangulia. Hizo hutolewa na rais, usiziige.

Daktari achague upande mmoja: Dr mbele, au MD nyuma. Akiweka zote mbili ni kama mtu aliyevaa kofia mbili.

Saini ya barua pepe ifuate njia hiyohiyo, tena iwe fupi zaidi, kwa kuwa inasomwa kwenye simu na inarudi katika kila jibu. Mwenye masta ya afya ya jamii na PMP halali angeandika hivi:

```
Fulani wa Fulani, MPH, PMP
Msimamizi wa miradi ya afya
Goma, Kivu Kaskazini
```

Koma baada ya jina, koma kati ya herufi, nukta hakuna. Ukiamua kuweka nukta, weka kila mahali. Na pale kwenye fomu za mtandaoni, kisanduku cha jina kijaze kama kadi yako ya mpiga kura au pasipoti inavyosema, bila herufi hata moja. Nimeona faili la mtu mmoja likifunguliwa mara mbili, moja la jina tupu na moja la jina lenye mkia, na nyaraka zake zikagawanyika.

Kijana alinisikiliza, akauliza swali ambalo wengi huuliza: “Lakini papa, ukitoa zote, watanijua namna gani? Wanasema kompyuta ndiyo inachagua.” Ni hoja ya haki, wala si ya kupuuza. Mashirika mengine hupitisha sivi kwenye programu inayotafuta maneno. Ila programu hiyo hutafuta neno popote kwenye ukurasa, na “mafunzo ya saa 35 ya usimamizi wa miradi” kwenye sehemu ya mafunzo yanaonekana sawasawa. Tofauti ni kwamba yakisomwa na mtu baadaye, hayamwaibishi aliyeyaandika.

Mchapaji akafuta herufi, jina likabaki peke yake juu ya ukurasa. Kijana akaliangalia kama mtu aliyenyolewa. Kisha akauliza kama PMP ya kweli iko mbali sana kwake. Tukatoka nje, tukaketi juu ya mawe, akafungua bahasha ya mikataba yake. Kwa hesabu yake alikuwa na miezi 31. Lakini miradi miwili ilikuwa imeendeshwa kwa wakati mmoja, na mwezi mmoja hauhesabiwi mara mbili. Tukarudia hesabu kwa kalamu nyuma ya ile sivi ya kwanza, na tukapata 22.